Herufi Moja Iliyokosewa, Magonjwa Mawili Tofauti

Mwaka 1895, katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan nchini Marekani, mwanamke mmoja fundi cherehani alimweleza Dakta Aldred Warthin, mwanapatholojia wa Chuo Kikuu cha Michigan, kwamba hakutarajia kuishi maisha marefu. Jamaa zake wengi walikuwa wamekufa kwa saratani ya tumbo, ya utumbo au ya viungo vya uzazi, naye alikuwa na hakika kwamba zamu yake ingefika. Warthin alianza kuuorodhesha ukoo ule, kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1913 akachapisha alichokiona. Fundi yule alikuwa amesema kweli: alifariki mapema kwa saratani ya mji wa mimba. Ukoo wake ukaingia katika vitabu vya tiba kwa jina la Familia G, na ilipofika mwaka 2000 watafiti waligundua kilichokuwa kikirithiwa humo. Katika jeni moja iitwayo MSH2, mahali palipopasa kuwa na herufi T pana G.

Sasa tuhamie Bahari ya Hindi, visiwa vya Komoro. Kwa miaka mingi madaktari wa Maore, kisiwa kilicho chini ya utawala wa Ufaransa, walikuwa wakipokea watoto weusi wenye madoadoa usoni, macho yasiyovumilia mwanga, na saratani za ngozi katika umri wa kwenda shule. Mwaka 2011 watafiti walitangaza chanzo chake: katika jeni iitwayo XPC, mahali palipopasa kuwa na herufi G pana C. Walikadiria kwamba kisiwani Maore ugonjwa huo humpata takriban mtu 1 kati ya 5,000. Ulaya ya magharibi na Marekani humpata takriban mtu 1 kati ya milioni.

Makosa haya mawili yanafanana sana. Kila moja ni la herufi moja. Kila moja limekaa kwenye mpaka ambapo seli hukata vipande visivyohitajika vya ujumbe wa jeni kabla ya kutengeneza protini, hivyo ukataji unakwenda kombo na protini kamili haipatikani. Na katika kila ukoo protini iliyokosekana ni ya kurekebisha DNA. Hata hivyo ugonjwa wa kwanza huanzia ndani ya tumbo la mtu mzima mwenye afya, na wa pili huanzia kwenye mashavu ya mtoto wa miaka miwili. Tofauti hiyo inatokana na aina ya kosa ambalo kila protini iliumbwa kulitafuta.

Makosa ya kunakili

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, kila uzi ukiwa mfululizo wa herufi nne: A, T, G na C. A hukaa mkabala na T, na G mkabala na C. Seli moja ya binadamu ina jozi za herufi takriban bilioni 6, na kila inapotaka kugawanyika lazima izinakili zote. Nyuzi hutenganishwa, na kila uzi wa zamani unakuwa kiolezo cha uzi mpya.

Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya viitwavyo polimerasi. Polimerasi huchagua herufi inayolingana na ile ya kiolezo na kuiunganisha, na hukosea takriban mara 1 katika kila herufi 100,000. Kiwango hicho kinaonekana kidogo mpaka upige hesabu: kwa herufi bilioni 6, kila mgawanyiko wa seli ungezalisha makosa 60,000.

Ulinzi wa kwanza umo ndani ya polimerasi yenyewe. Vimeng'enya viwili vinavyobeba sehemu kubwa ya kazi ya kunakili, delta na epsiloni, vina sehemu mbili za kazi: moja ya kuunganisha herufi na nyingine ya kuikata. Herufi isiyolingana haikai sawasawa. Ncha ya uzi mpya inalegea, kazi inasita, na ile ncha inahamia kwenye sehemu ya kukata. Herufi mbaya inaondolewa, ncha inarudi, kazi inaendelea. Huku ndiko kusahihisha papo hapo, na peke yake hupunguza makosa kiasi cha mara mia, kutoka 60,000 hadi karibu 600.

Hao 600 waliopenya huachiwa kikosi cha pili kinachopita nyuma ya polimerasi muda mfupi baadaye. Hiki ndicho kikosi cha kurekebisha herufi zisizolingana, na ndicho chenye MSH2, protini iliyokosekana katika Familia G. MSH2 hufanya kazi ikiwa imeshikana na mwenzake MSH6. Wawili hawa hukumbatia uzi mara mbili wa DNA na kuupapasa. Wakifika mahali ambapo G imekaa na T, DNA hapo inakunjika kirahisi kuliko kwingine, nao husimama na kuwaita wengine wawili, MLH1 na PMS2.

Uzi upi umekosea?

Hapa pana fumbo lililomchukua mwanakemia Paul Modrich wa Chuo Kikuu cha Duke miaka mingi. Tuseme kikosi kimekuta G mkabala na T. Herufi zote mbili ni nzima, hazina jeraha wala uchafu. Huenda G ndiyo ya asili na T ndiyo imekosewa, au kinyume chake. Kikosi kikirekebisha kwa kubahatisha, nusu ya mara kitafuta herufi sahihi na kuhalalisha ile mbaya. Hali hiyo ni kama ya wanakili wa zamani wa Siyu, waliokuwa wakinakili misahafu kwa mkono: ukipewa nakala mbili zinazotofautiana neno moja, huwezi kusahihisha mpaka ujue ipi ilinakiliwa kutoka kwa nyenziwe.

Modrich alipata jibu kwanza katika bakteria wa utumboni, ikolai. Bakteria hao huweka alama ndogo ya kemikali, kundi la methili, kwenye DNA yao kila panapotokea herufi GATC. Uzi uliotoka kunakiliwa hukaa kwa muda mfupi bila alama hizo, na katika muda huo kikosi huutambua kuwa ndio mpya na ndio wa kusahihishwa. Binadamu hatumii alama hizo. Kwetu sisi dalili ya upya ni mipasuko midogo ambayo bado haijaungwa kwenye uzi mpya, pamoja na pete ya protini iitwayo PCNA, ambayo polimerasi huiacha imeizunguka DNA ikiwa imeelekea upande maalumu. Uelekeo wa pete hiyo huiongoza MLH1 na PMS2 kukata uzi mpya peke yake.

Kwa kuwa mkato huo unaweza kuwa mbali na kosa, kikosi hakiwezi kuchomoa herufi moja tu. Kimeng'enya kingine huanza kuula uzi mpya kuanzia kwenye mkato mpaka kilipite kosa, na wakati mwingine mamia ya herufi huondolewa kwa ajili ya moja. Kisha polimerasi inarudia kunakili sehemu yote na pengo linaungwa. Makosa yaliyobaki katika seli nzima ni machache ya kuhesabika kwa vidole vya mkono.

Kikosi hiki kina kazi nyingine ambayo usahihishaji wa kwanza huishindwa. Katika DNA kuna sehemu zenye herufi zinazojirudia, kwa mfano A kumi mfululizo. Polimerasi ikifika hapo huweza kuteleza ikaandika tisa au kumi na moja. Kila herufi inayoandikwa inalingana na mwenzake, hivyo ncha ya uzi hailegei na polimerasi haihisi lolote. Kinachobaki ni kifundo kidogo kilichotokeza pembeni, na kikosi cha MSH2 ndicho kinachokiona.

Kosa ambalo si la herufi

Sasa chukua seli ya ngozi ambayo hainakili chochote. Imepumzika juani, saa sita mchana. Miale ya urujuanimno inapenya, na panapokuwa na T mbili zilizokaa jirani kwenye uzi mmoja, nishati ya mwale huzigandisha zikawa kitu kimoja. Kwa siku moja ya jua kali seli moja ya ngozi huweza kupata maelfu ya mganda wa namna hiyo.

Polimerasi haiwezi kusaidia, kwa sababu haipo kazini. MSH2 nayo haina la kufanya: T zile mbili bado zinatazamana na A zake, na hakuna uzi mpya wa kusahihishwa. Kosa hili ni la umbo. DNA imepinda, na inahitaji kikosi kinachotafuta umbo lililopinda bila kujali limeandikwa nini. Hicho ni kikosi cha kukata kipande, ambacho Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki, alikifafanua hatua kwa hatua katika bakteria na baadaye katika binadamu. Yeye, Modrich na Tomas Lindahl wa Uswidi, aliyechunguza njia nyingine tena ya urekebishaji, waligawana Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2015.

Mlinzi wa kwanza wa kikosi hiki ni XPC, protini inayokosekana kwa watoto wa Komoro. XPC ina mbinu ya ajabu: haigusi jeraha lenyewe. Inashika uzi ulio mkabala na jeraha, mahali ambapo herufi zimelegea kwa sababu wenzao wamepinda. Kwa njia hiyo inaweza kutambua majeraha ya kila aina, yakiwemo yale ya moshi wa sigara na ya sumukuvu ya mahindi na karanga zilizovunda, ilimradi yamelegeza umbo. Mganda wa T mbili haulegezi sana, hivyo mara nyingi protini nyingine, DDB2, hutangulia kuukamata na kuupinda zaidi ili XPC iuone.

XPC ikishakaa, linakuja kundi kubwa la protini liitwalo TFIIH. Protini mbili ndani yake, XPB na XPD, hufungua nyuzi kwa urefu wa herufi ishirini na kitu. XPD hutembea juu ya uzi kama kuukagua. Ikikwama, imethibitika kwamba pana jeraha la kweli na kazi inaruhusiwa kuendelea. Kisha mikasi miwili, XPF upande mmoja na XPG upande wa pili, hukata uzi wenye jeraha. Kipande cha herufi kati ya 24 na 32 hutoka kikiwa kizima, jeraha likiwa ndani yake. Polimerasi hujaza pengo kwa kusoma uzi wa pili, na kimeng'enya cha kuunga hufunga mshono.

Linganisha na kikosi cha kwanza. Pale, swali gumu lilikuwa uzi upi umekosea. Hapa jeraha lenyewe linajibu. Pale, kazi hufuata nyuma ya unakili na hufanyika zaidi katika tishu zinazogawanyika; hapa, hufanyika wakati wowote, hata katika seli ambayo haitagawanyika tena. Pale, adui ni uchovu wa mashine yetu wenyewe. Hapa, adui ni jua, moshi na sumu kutoka nje. Tofauti hizi tatu zinatosha kubashiri magonjwa.

Kikosi cha kwanza kikikosekana

Mtu wa Familia G huzaliwa na nakala moja mbovu ya MSH2 kutoka kwa mzazi mmoja na nakala moja nzima kutoka kwa mwingine. Nakala nzima inatosha, na kila seli yake hurekebisha DNA bila shida. Lakini utando wa utumbo mpana hujiumba upya kila baada ya siku chache, kwa mabilioni ya migawanyiko, na siku moja seli moja humo huipoteza ile nakala nzima. Kuanzia hapo seli hiyo na watoto wake hukusanya makosa kwa kasi ya mara mia au hata elfu zaidi ya jirani zao.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi kasi hiyo inavyogeuka kuwa saratani. Kuna jeni iitwayo TGFBR2, ambayo hutengeneza kipokezi juu ya seli. Ujumbe kutoka nje ukifika kwenye kipokezi hicho, seli za utando wa utumbo huambiwa ziache kugawanyika. Ndani ya jeni hiyo kuna A kumi mfululizo, yaani ile ile sehemu ya kuteleza. Bila MSH2, mtelezo haurekebishwi; A zinabaki tisa au nane, usomaji wote unaofuata unahama, na kipokezi hakitengenezwi. Seli haisikii tena amri ya kuacha. Saratani nyingi za utumbo mpana zilizokosa kikosi hiki zina kosa hilo hilo mahali hapo hapo.

Hali hii ya kurithi huitwa sindromu ya Lynch, kwa jina la Dakta Henry Lynch wa Nebraska, aliyeendeleza kazi ya Warthin wakati ambapo wenzake wengi hawakuamini kwamba saratani huweza kurithiwa. Leo inajulikana kuwa ni hali ya kawaida kuliko walivyodhani wote. Kwa wenye kosa katika MSH2 au MLH1, hatari ya kupata saratani ya utumbo mpana maishani hukaribia nusu wasipofuatiliwa, na wanawake wana hatari kubwa pia ya saratani ya mji wa mimba. Kosa katika MSH6 au PMS2 huleta hatari ndogo zaidi.

Usahihishaji wa papo hapo nao huweza kuharibika. Mwaka 2013 watafiti walieleza koo zilizorithi kosa la herufi moja katika sehemu ya kukata ya polimerasi delta au epsiloni. Watu hao huota vinyama vingi ndani ya utumbo mpana, na baadhi yake hugeuka saratani. Ukilinganisha na sindromu ya Lynch, mahali pa ugonjwa ni karibu pale pale, kwa sababu ulinzi wote huu wawili hushughulikia makosa ya kunakili.

Ikitokea mtoto akarithi nakala mbovu ya kikosi cha pili kutoka kwa baba na mama, hali ni nzito zaidi. Mtoto hupata saratani za ubongo, damu au utumbo katika utoto, na mara nyingi ana madoa ya rangi ya kahawa ya maziwa kwenye ngozi. Madoa hayo yamewahi kudhaniwa kuwa ni ya ugonjwa mwingine, hivyo daktari anayeyaona pamoja na uvimbe wa ubongo anapaswa kuuliza historia ya saratani ya utumbo pande zote mbili.

Kikosi cha kukata kipande kikikosekana

Ugonjwa wa watoto wa Maore huitwa zeroderma pigmentosamu, kwa kifupi XP. Daktari Moritz Kaposi wa Vienna aliueleza katika miaka ya 1870, akiwa na maana ya ngozi kavu yenye rangi. Hakuna aliyejua chanzo chake mpaka James Cleaver wa San Francisco aliposoma habari ya wagonjwa wa XP gazetini. Aliomba seli za ngozi zao, akazimulika kwa urujuanimno, na mwaka 1968 akatangaza kwamba seli hizo haziwezi kurekebisha DNA yao.

Ili mtoto augue, lazima arithi nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili. Wazazi wana nakala moja nzima kila mmoja, na wana afya. Ikiwa wagonjwa ni 1 kati ya 5,000, hesabu ya kawaida ya urithi huonyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 35 hubeba kosa hilo bila kujua. Mahali ambapo ndugu wa ukoo mmoja huoana sana, wabebaji huwa wachache kuliko hivyo kwa idadi ile ile ya wagonjwa, kwa sababu wabebaji wawili hukutana kwa urahisi zaidi. Kila ujauzito wa wazazi wawili wabebaji una nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Wagonjwa wa visiwani wana kosa la namna moja, jambo linaloonyesha kwamba limetoka kwa babu au bibi mmoja wa zamani.

Mtoto asiye na XPC ana hali inayoweza kumhadaa mzazi. Watoto wa aina nyingine kadhaa za XP huungua vibaya baada ya dakika chache za jua, na wazazi hukimbia hospitali. Mwenye kosa la XPC haungui kupita kawaida. Sababu yake ni kwamba kuna njia ya pili ya kugundua majeraha, isiyomhitaji XPC: mashine inayosoma jeni ili kutengeneza ujumbe ikikwama kwenye jeraha, kukwama kwenyewe kunakiita kikosi. Hivyo jeni zinazotumika hurekebishwa, seli hazifi kwa wingi, na ngozi haiwi nyekundu. Lakini sehemu nyingine zote za DNA hubaki na majeraha, na seli inapogawanyika majeraha hayo hugeuka kuwa makosa ya kudumu.

Kwa hiyo dalili ya kwanza ni madoadoa. Mtoto mweusi wa chini ya miaka miwili mwenye vidoa vyeusi na vyeupe vilivyochanganyika usoni, shingoni na migongoni mwa mikono, huku ngozi iliyofunikwa na nguo ikiwa laini, anapaswa kuonwa na daktari wa ngozi mara moja, hasa kama macho yake pia ni mekundu na hukimbia mwanga. Kwa wagonjwa waliofuatiliwa Marekani, nusu walikuwa wamepata saratani ya kwanza ya ngozi wakifika karibu umri wa miaka 9. Kabla ya umri wa miaka 20, hatari yao ya saratani za kawaida za ngozi ni zaidi ya mara 10,000 ya watu wengine. Ncha ya ulimi, ambayo hupata jua kidogo mtoto anapocheza, nayo huota saratani.

Katika Afrika Mashariki ugonjwa huu ni rahisi kuchanganywa na ualbino, na tofauti yake ni muhimu. Mwenye ualbino hana rangi ya kuzuia miale, lakini kikosi chake cha kukata kipande ni kizima. Mwenye XP wa Komoro ana rangi yote ya ngozi nyeusi na bado anapata saratani mapema zaidi. Rangi hupunguza miale inayoingia tu. Ile iliyopenya inahitaji mrekebishaji.

Njia ile ya pili isiyomhitaji XPC inaeleza pia kwa nini watoto wa Maore kwa kawaida hukua na akili timamu, wakati wagonjwa wa aina nyingine za XP hupoteza usikivu na uwezo wa kutembea. Seli za ubongo hazigawanyiki wala hazioni jua, lakini husoma jeni zao bila kupumzika. Njia hiyo ikiharibika yenyewe, hutokea ugonjwa mwingine, sindromu ya Cockayne: mtoto huacha kukua, husikia na kuona kwa shida, huzeeka utotoni. Huungua kwa jua, lakini hapati saratani za ngozi. Hapa inaonekana wazi kwamba kushindwa kurekebisha DNA kunaweza kuleta saratani au kuleta kufa kwa seli, kutegemea ni njia ipi iliyokatika.

Kusoma athari ndani ya uvimbe

Kila kikosi kikikosekana huacha alama yake, na maabara huweza kuisoma. Katika uvimbe wa mgonjwa wa XP, makosa mengi ni C iliyogeuka T, na mara kwa mara C mbili za jirani zilizogeuka T mbili kwa pamoja, kwa sababu miale hugandisha herufi za jirani. Katika uvimbe wa sindromu ya Lynch, makosa hujaa kwenye sehemu zinazojirudia, zikiwa zimerefuka au kufupika.

Kwa saratani ya utumbo au mji wa mimba kuna kipimo rahisi zaidi. Mwanapatholojia hupaka rangi kipande cha uvimbe kutafuta protini nne: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Kiini cha seli yenye protini hugeuka kahawia, kisichonayo hubaki buluu. MSH2 ikikosekana, MSH6 hutoweka nayo, kwa kuwa haiwezi kudumu bila mwenzake. MLH1 ikikosekana huondoka na PMS2. Majibu hayo yana mpaka wake. Wazee wengi wenye uvimbe usio na MLH1 hawakurithi lolote: jeni yao imezimwa kwa kemikali ndani ya uvimbe tu. Kwa hiyo MLH1 ikikosekana, kipimo cha pili hufanywa kabla ya kuwaambia watoto na ndugu wa mgonjwa kwamba nao wako hatarini. Karibu 15 kati ya 100 ya saratani za utumbo mpana zina dalili za kukosa kikosi hiki, lakini ni takriban 3 tu kati ya hizo 100 zinazotokana na sindromu ya Lynch.

Kwa XP, kipimo cha asili ni kile cha Cleaver: seli za ngozi humulikwa na kisha huangaliwa zinaingiza kiasi gani cha herufi mpya ili kujaza mapengo. Seli zisizo na XPC hujaza takriban asilimia 10 hadi 20 tu ya kiwango cha kawaida. Siku hizi kwa mgonjwa wa asili ya Komoro, kuisoma ile herufi moja ya XPC kwenye tone la damu kunatosha.

Tiba hufuata kosa

Kwa kuwa adui wa mgonjwa wa XP yuko nje, ulinzi wake ni kumzuia asifike: nguo ndefu, kofia pana, miwani ya kuzuia urujuanimno, karatasi maalumu kwenye vioo vya madirisha, mafuta ya kuzuia jua, na shughuli za nje baada ya jua kuzama. Hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa ikitengeneza mafuta ya namna hiyo kwa ajili ya wenye ualbino, na yangemfaa mgonjwa wa XP pia, ingawa kwake hayatoshi bila nguo na kivuli. Mtoto akikosa jua kabisa huhitaji kupewa vitamini D. Ngozi yake yote, pamoja na macho na ulimi, inapaswa kukaguliwa kila baada ya miezi michache ili kila kidonda kikatwe kikiwa kidogo.

Kwa mwenye sindromu ya Lynch hakuna cha kumkinga nacho, kwa sababu adui ni unakili wenyewe. Kinachowezekana ni kuuwahi uvimbe. Utumbo mpana huchunguzwa kwa kamera kila baada ya mwaka 1 hadi 3, kuanzia karibu umri wa miaka 25 kwa wenye kosa la MSH2 au MLH1, na vinyama vinavyoonekana hukatwa hapo hapo. Wanawake wengine huchagua kuondolewa mji wa mimba wakishamaliza kuzaa. Utafiti ulioongozwa na Sir John Burn wa Uingereza ulionyesha kwamba aspirini, iliyotumiwa kila siku kwa miaka miwili au zaidi, ilipunguza saratani za utumbo mpana katika miaka iliyofuata. Dozi huamuliwa na daktari kwa sababu ya hatari ya kutokwa damu tumboni.

Na uvimbe ukishatokea, wingi wa makosa yake unakuwa udhaifu wake. Jeni zilizohama usomaji hutengeneza protini ambazo kinga ya mwili haijawahi kuziona, na kinga huanza kuushambulia uvimbe. Uvimbe hujitetea kwa kuizima kinga. Dawa kama pembrolizumabu huondoa kizimio hicho, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa uvimbe wowote uliokosa kikosi cha herufi zisizolingana, uwe wa utumbo, wa mji wa mimba au kwingineko. Ilikuwa mara ya kwanza dawa ya saratani kuidhinishwa kwa kuangalia kosa la DNA badala ya kiungo. Dawa za namna hiyo zimewasaidia pia baadhi ya wagonjwa wa XP, ambao uvimbe wao nao umejaa makosa. Bei yake bado haifikiwi na wagonjwa wengi wa kwetu.

Kinachoweza kufanyika katika kila zahanati ni kuuliza vizuri. Sindromu ya Lynch hujitokeza katika historia ya ukoo: shangazi aliyekufa kwa saratani ya kizazi akiwa na miaka 45, babu aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo, kaka mwenye uvimbe akiwa na miaka 38. Hapo swali la "nani kwenu aliwahi kuugua?" linaokoa maisha, likiulizwa kwa upande wa baba na wa mama na kwa saratani zote mbili. XP haijitokezi hivyo. Wazazi ni wazima, babu na bibi walikuwa wazima, na jibu la swali lile litakuwa "hakuna". Kwa mtoto mwenye madoadoa maswali ni mengine: vidoa vilianza lini, viko pale tu jua linapofika, na je, wazazi wametoka kijiji kimoja au ukoo mmoja?